DPI 300, lakini kwa inchi ngapi?

Picha ni ya harusi, Kibokoni. Mpwa wa bibi harusi ameipiga kwa simu, akaitupa kwenye kikundi cha familia cha WhatsApp, na sasa mama wa bibi harusi anataka itundikwe sebuleni katika fremu ya inchi 20 kwa 30. Anaipeleka studio. Fundi anaifungua kwenye kompyuta, kisha anatikisa kichwa.

"Mama, hii haitoshi. Nitafutie yenye DPI 300."

"Mbona kwenye simu inaonekana safi kabisa, mwanangu?"

Mazungumzo ya namna hii husikika kila siku katika studio za mjini Mombasa, na mara nyingi huishia pabaya: mwenye picha anarudi nyumbani, kijana mmoja mwenye kompyuta anafungua faili, anafuta 72 na kuandika 300, anahifadhi, basi. Picha inarudi studio ikiwa na "DPI 300" kama ilivyotakiwa, inachapwa, na uso wa bibi harusi unatoka kama umetazamwa kupitia kioo cha bafu. Fundi hakusema uongo, kijana naye alifanya alichoambiwa. Tatizo ni kwamba chini ya neno hilo moja kumefichwa vitu vitatu tofauti.

Cha kwanza ni idadi ya pikseli. Picha ya simu au kamera ni miraba midogo iliyopangwa safu kwa safu, na kila mraba una rangi moja tu. Faili likisema 4000 kwa 3000, maana yake kuna miraba 4000 kwa upana na 3000 kwa urefu, jumla milioni 12, ndizo megapikseli 12 za kwenye tangazo la simu. Faili lenyewe halina inchi wala sentimita. Hiyo miraba haina ukubwa wowote mpaka iwekwe kwenye kitu: karatasi, kioo cha simu, au ukuta.

Cha pili ni msongamano, yaani pikseli ngapi zinaingia katika inchi moja ya karatasi. Kwenye kompyuta huandikwa PPI, ingawa mafundi wengi na hata programu kadhaa huandika DPI wakimaanisha kitu hicho hicho. Msongamano haukai ndani ya picha. Unazaliwa pale unapochagua karatasi, kwa kugawanya:

```
msongamano = pikseli za upande ÷ inchi za upande
```

Pikseli 4000 zikitandazwa kwenye upande wa inchi 10, kila inchi inapata 400. Zikitandazwa kwenye inchi 40, kila inchi inapata 100. Picha ni ile ile na faili ni lile lile. Ndiyo maana ombi la "DPI 300" peke yake halijakamilika. Kwa inchi ngapi? Fundi alimaanisha 300 kwenye inchi 20 kwa 30, yaani pikseli 6000 kwa 9000, lakini hakulisema, na kijana hakuuliza.

Cha tatu ni rezolusheni, na hapa watu huchanganya zaidi kwa sababu neno hili hutumika kwa mambo yote mawili hapo juu. Mimi hulitumia kwa maana ya undani halisi: je, kope zinaonekana moja moja, nyuzi za leso zinatofautika? Undani hutegemea lenzi, mwanga, mkono uliotulia, na kama fokasi ilikamata uso au ilikamata maua ya nyuma. Pikseli ni nafasi ya kuwekea undani, na nafasi inaweza kuwa tele na ikabaki tupu. Mfano wa wazi ni zumu ya kidijitali. Ukivuta mara 4 kwa vidole kwenye simu isiyo na lenzi ya kuvutia mbali, simu hukata kipande cha katikati, robo ya upana na robo ya urefu, kisha hukitanua kirudi 4000 kwa 3000. Faili linaonyesha megapikseli 12, lakini undani uliokamatwa ni wa pikseli 1000 kwa 750 hivi. Hesabu ya msongamano haiwezi kukuambia hilo. Jicho ndilo litakaloona, ukifungua picha kwa asilimia 100 kwenye kompyuta.

Ile 72 inayoonekana kwenye sifa za faili

Kwenye Windows, bofya faili kwa kitufe cha kulia, Properties, kisha Details. Utaona Dimensions, mathalani 4000 x 3000, na chini yake Horizontal resolution: 72 dpi. Hapo ndipo watu huingiwa na hofu.

Namba hiyo ni lebo tu. Simu au kamera huiandika kwenye faili kwa sababu muundo wa faili una nafasi yake, si kwa sababu imepima chochote. Simu nyingi huandika 72, kamera nyingine huandika 300, nyingine 350. Desturi ya 72 ilitiwa nguvu na kompyuta ya Macintosh ya mwaka 1984, ambayo skrini yake ilikuwa na pikseli 72 kwa inchi, sawa na pointi 72 ambazo wapiga chapa huhesabu katika inchi moja. Skrini zenyewe zimeshapita, lebo imebaki.

Kwa hiyo ukipokea mafaili mawili ya 4000 kwa 3000, moja lina lebo ya 72 na jingine 300, yakichapwa kwenye karatasi ya ukubwa mmoja hutoka sawasawa. Tofauti hutokea tu pale programu inapoifuata lebo kuamua ukubwa wa kuanzia. Picha ya lebo 72 ikiingizwa kwenye programu ya kupanga kurasa inaweza kutokea ikiwa na upana wa inchi 55, ikafunika ukurasa mzima. Unaipunguza kwa kuivuta pembeni, na mambo yanaendelea.

Mstari wa kusoma kwenye dirisha hilo ni Dimensions. Kwenye simu, fungua picha na uitelezeshe juu, au gusa alama ya i. Vipimo vya pikseli vitaonekana hapo.

Picha ya mama, kwa hesabu

Simu ya mpwa ilipiga 4000 kwa 3000. Fremu ni inchi 30 kwa 20, uwiano wa 3 kwa 2, na picha ni uwiano wa 4 kwa 3, kwa hiyo lazima ikatwe. Tukibaki na upana wote wa 4000, urefu unakuwa 4000 × 20 ÷ 30, yaani 2667. Pikseli 333 za urefu zinaondoka. Ni vizuri kuchagua mwenyewe ziondoke juu au chini, kabla programu ya studio haijakata katikati na kuchukua kilemba cha bwana harusi.

Msongamano wa picha iliyokatwa ni 4000 ÷ 30, takriban 133. Si 300, hata nusu yake haufiki. Je, ndiyo kusema haifai?

Hapa inabidi tuulize 300 ilitoka wapi. Jicho lenye afya hutenganisha vitu viwili vilivyo mbali kwa pembe ya dakika moja hivi, yaani sehemu ya 60 ya digrii. Ukishika picha ya albamu sentimita 30 kutoka usoni, pembe hiyo ni kama milimita 0.087, na katika inchi moja vinaingia vipande kama 290. Watu wakaifanya 300 na kuitumia kwa kila kitu, lakini 300 ni namba ya picha iliyo mkononi. Ukisogea mbali, mahitaji yanashuka kwa kipimo hicho hicho. Kwa kazi za kawaida, gawanya 8,700 kwa umbali wa kutazamia katika sentimita, upate msongamano unaohitajika. Kwa sentimita 30 ni 290. Kwa mita moja ni 87. Kwa mita 2 ni kama 43.

Macho makali huona zaidi ya hapo, kwa hiyo mimi huongeza nusu. Picha kubwa ya sebuleni, juu ya kochi, huwa haitazamwi karibu zaidi ya mita moja. 87 na nusu yake ni 130. Picha ya mpwa, yenye 133, inatosha. Mgeni atakayepanda juu ya kochi na kuweka pua kwenye kioo ataona ulaini, lakini huyo ana shida nyingine.

Hesabu hiyo ni ya faili la asili lililo kwenye simu. Mama hakupeleka hilo. Alipeleka lililopita WhatsApp.

WhatsApp, kwa utumaji wa kawaida, hupunguza picha. Upande mrefu mara nyingi hubaki na pikseli 1600 hivi. Picha yetu inakuwa 1600 kwa 1200. Kwenye inchi 30 msongamano ni 53 tu, chini hata ya ile 87 ya mita moja. Tena kuna jambo baya zaidi ambalo hesabu ya pikseli haigusi. Picha hubanwa upya kwa JPEG kwa nguvu, na JPEG hubana picha katika vipande vya pikseli 8 kwa 8. Kwa msongamano wa 53, pikseli moja ina upana wa karibu nusu milimita, na kipande cha 8 kwa 8 ni kama milimita 4. Hicho kinaonekana waziwazi: ngozi ya shavu inapata visanduku, ukingo wa hina mkononi unazungukwa na vumbi la rangi, mbingu inakuwa na ngazi. Wateja husema "printa mbovu", kumbe printa imechapa kwa uaminifu kilichokuwemo.

Na yule mama aliyesema picha ni safi kwenye simu? Alisema kweli. Kioo cha simu nyingi kina pikseli 1080 kwa upana, zimesongamana takriban 400 kwa inchi, na upana wenyewe haufiki inchi 3. Picha ya 1600 ikioneshwa hapo simu inaipunguza, na kupunguza huficha kasoro. Kioo cha simu kinaweza kukuambia kama mtu kafumba macho. Kuhusu inchi 30 hakina la kusema, labda uikuze picha kwa vidole mpaka mwisho.

Kutambua faili lililopita WhatsApp si kazi. Kwenye Android jina lake huwa kama IMG-20250412-WA0007.jpg, hizo herufi WA ndizo ushahidi. Uzito nao unasema: JPEG ya megapikseli 12 iliyotoka moja kwa moja kwenye simu huwa na megabaiti kati ya 2 na 6, kutegemea mandhari. Ukikuta kilobaiti 180, imebanwa. Lakini usigeuze uzito kuwa kipimo cha ukubwa, kwa sababu picha ya ukuta mweupe huwa nyepesi hata ikiwa kamili. Picha ya skrini ni mbaya kuliko hata ya WhatsApp. Picha ya ulalo ikipigwa skrini simu ikiwa wima, unabaki na pikseli 1080 kwa 810 za picha, zilizobaki ni weusi na vitufe.

Suluhisho ni kumrudia mpwa na kumwomba aitume kama hati: kwenye WhatsApp achague Document, si Gallery. Hapo faili linasafiri lilivyo, na jina lake la asili pia. Kitufe cha HD husaidia, ila nacho bado hubana. Kwa kazi ya kuchapa ni hati, au barua pepe, au akaunti ya kuhifadhia mafaili mtandaoni, au waya wa USB moja kwa moja kwenye kompyuta ya studio.

Kisanduku kimoja kinachoharibu kazi

Turudi kwa kijana mwenye kompyuta. Kwenye Photoshop alifungua Image, kisha Image Size. Kwenye dirisha hilo kuna kisanduku kimeandikwa Resample, na kwa kawaida huwa kimetiwa alama tayari. Kikiwa na alama, ukibadili Resolution programu huongeza au kupunguza pikseli zenyewe. Kikiwa hakina alama, pikseli haziguswi. Width, Height na Resolution zinafungamana, ukibadili moja nyingine zinafuata.

Ondoa alama, andika Width inchi 30, na usome Resolution. Itakuonyesha 133. Hicho ndicho kipimo cha kweli cha kazi yako, nayo programu imekufanyia hesabu ya kugawanya bila kuharibu kitu. Sasa weka alama ya Resample, na badala ya 133 andika 300. Picha ya 4000 kwa 2667 inakuwa 9000 kwa 6000. Kutoka pikseli milioni 10.7 umepata milioni 54. Hizo zaidi ya milioni 43 zimekisiwa kwa kuchanganya rangi za majirani zao. Katika kila pikseli tano, nne ni za kubuni. Faili limekuwa zito, lebo inasema 300, na undani ni ule ule.

Kwenye GIMP mambo haya mawili yametenganishwa, na kwa anayeanza naona ni afadhali. Image, Print Size hubadili msongamano peke yake. Image, Scale Image hubadili pikseli.

Siwezi kusema kukuza pikseli ni haramu daima. Printa yenyewe hukuza picha kimyakimya kabla ya kuchapa, na kukuza kwa utaratibu mzuri hulainisha kingo ili miraba isionekane kama ngazi. Kwa picha ya 133 mimi ningeiacha kama ilivyo na kuiachia programu ya printa kazi hiyo. Kosa ni kudhani kwamba kukuza kumerudisha kope zilizopotea.

DPI ya kwenye boksi la printa

Kuna DPI nyingine, ile iliyoandikwa kwenye boksi la printa: 1200, 1440, 2880. Hiyo ni idadi ya vitone vya wino ambavyo printa inaweza kuweka katika inchi, na haihusiani na pikseli zako moja kwa moja. Printa ina wino wa rangi chache tu. Ili kupata rangi moja ya ngozi inabidi irushe vitone vingi vya rangi tofauti katika eneo la pikseli moja. Printa ya vitone 1200 ikichapa picha ya msongamano 300 ina nafasi 4 kwa 4, yaani 16, za kuchanganyia rangi ya kila pikseli. Kwa hiyo kutayarisha picha ya msongamano wa 1440 kwa kuwa printa imeandikwa 1440 ni kulijaza faili bure.

Kwa umbali wa mbali kabisa, hesabu hutoa majibu ambayo wengi hawayaamini. Bango la upana wa mita 6 kando ya barabara ya Nyali, linalotazamwa kutoka mita 15, linahitaji 8,700 ÷ 1,500, karibu 6 kwa inchi. Mita 6 ni inchi 236. Jibu ni pikseli 1,400 hivi. Yaani picha isiyofaa sebuleni inaweza kupita kwenye bango la barabarani, ilimradi maandishi na nembo visiwe sehemu ya picha hiyo. Maandishi yatengenezwe kwenye programu ya michoro ya mistari, ambayo haina pikseli, kwa sababu herufi zenye ukungu huonekana haraka kuliko shavu lenye ukungu.

Kabla ya kulipia inchi 30

Faili la asili likishapatikana, bado hujui kama lina undani. Mwanga wa ukumbini usiku hufanya simu ipake ngozi rangi moja ili kuficha chengachenga, na pikseli zikawepo bila kope. Njia ya kujua ni kuchapa kipande. Kata sehemu yenye uso muhimu kuliko zote, pikseli 800 kwa 533, na umwombe fundi aichape kwenye karatasi ya inchi 6 kwa 4. 800 ÷ 6 ni 133, kwa hiyo kipande hicho kitatoka kwa ukubwa ule ule kitakaokuwa nao ndani ya fremu kubwa. Kibandike ukutani pale picha itakapotundikwa, rudi nyuma mita moja, utazame. Utakuwa umelipa bei ya picha moja ndogo.

Kama picha itachapwa kwenye kitambaa na kuzungushwa kwenye mbao badala ya kuwekwa kwenye fremu, ongeza ukingo wa kukunjia. Inchi 2 kila upande zinaifanya 30 kwa 20 iwe 34 kwa 24, msongamano unashuka hadi 118, na uso ulio karibu na ukingo unaweza kuishia ubavuni mwa mbao.

Kipande kikitoka na ulaini usioupenda, shuka hadi inchi 24 kwa 16, ambako msongamano unapanda hadi 167, na uchape kipande kingine. Na kama mpwa amekwisha kuifuta picha ya asili na imebaki ile ya kikundi tu, ikate iwe 1600 kwa 1067 na uichape inchi 12 kwa 8. Msongamano unarudi 133, na kipande cha JPEG kinashuka hadi milimita 1.5. Inchi 12 ukutani ni ndogo, na watu wataisogelea zaidi ya mita moja, hilo ni la kukubali. Lakini fremu inaweza kubaki ile ile ya 30 kwa 20: fundi wa fremu anakata karatasi ngumu nyeupe yenye dirisha la inchi 12 kwa 8 katikati, anaiweka picha nyuma yake, na inabaki inchi 9 za weupe kulia na kushoto, 6 juu na chini.